Tosta haikai chini na upande mmoja hauivi: nisafishe, niunge waya au ninunue nyingine?

MamaChai: Wadau, naombeni ushauri. Nikishusha mkono wa tosta unaruka juu papo hapo. Nikiushikilia kwa kidole mkate unaiva, ila upande wa nje wa tundu la kushoto unabaki mweupe. Nisafishe, niunge waya, au nitafute nyingine?

ChumaKongwe: Hiyo ndoano inayoshika mkono imelika. Yangu niliikunja kidogo kwa koleo ikashika hadi leo.

Fundi_Tulivu: Mzee, hayo ni kweli kwa tosta za zamani. Nyingi za sasa mkono unashikwa na sumaku ya umeme, ndiyo maana usipochomeka plagi haikai chini hata ikiwa mpya. Mkono ukifika chini unafunga swichi, waya za kuokea zinapata umeme, na bodi ya saketi nayo inaiamsha sumaku. Sasa, katika tosta nyingi bodi hiyo huchota umeme wake mdogo kutoka kwenye kipande cha waya wa kuokea. Kipande hicho kikikosa umeme, sumaku nayo haishiki. Mama, huenda shida zako mbili ni moja.

Shikilia mkono chini, chungulia kwa juu bila kuingiza chochote. Waya zote zikiwaka nyekundu, tatizo ni makombo kwenye sumaku, au bodi. Bamba moja lililozungushiwa waya hizo likibaki jeusi, waya wake umekatika au kiungo chake kimelegea.

Neema_K: Hata yangu ilikuwa inaiva upande mmoja! Kumbe nilibonyeza kitufe cha mikate iliyokatwa katikati.

Fundi_Tulivu: Hicho kinazima pande za nje kwa makusudi, dada. Lakini mkono ungekaa chini.

MamaChai: Sina kitufe hicho. Bamba la nje kushoto ni jeusi. Nimechomoa, nikapindua, makombo yametoka mengi, hakuna kilichobadilika. Jirani ameipima kwa mita: mabamba mengine yanasoma, hili halisomi kabisa. Waya umekatika ukingoni. Niunge kwa risasi?

Fundi_Tulivu: Hapana. Risasi ya kawaida inayeyuka kabla ya nyuzi 250, na waya huo ukiwa mwekundu umepita 600. Ncha zinabanwa pamoja kwa kikopo cha chuma. Usiufupishe, maana upinzani ukipungua moto unazidi. Bamba zima jipya ni bora kuliko kiungo, ukilipata la mfano uleule. Na chomoa plagi kila unapofungua: baadhi ya swichi hukata waya mmoja tu, hivyo waya za kuokea zinaweza kubaki na umeme hata mkono ukiwa juu.

ChumaKongwe: Mimi nilizisokota tu ncha mbili, mwaka wa pili huu.

Fundi_Tulivu: Msokoto ukilegea unapiga cheche, Mzee. Nisingeiacha ikioka bila mtu.

MamaChai: Basi natafuta bamba kwanza. Nisipolipata, sijui kama nitathubutu kubana mwenyewe.