MREJESHO: Zoezi la urari, na majibu yake

Niliuliza: "Nitungeje zoezi la miamala mpaka urari kwa wanaoanza?"

Wakuu, ahsanteni sana. Nimefuata ushauri wa kutumia duka moja na akaunti chache, kisha nikalifanya mwenyewe kwanza. Miamala ni hii: mwenye duka aliweka mtaji taslimu 500,000, akanunua bidhaa taslimu 200,000 na nyingine kwa mkopo 150,000, akauza taslimu 260,000, akalipa pango 60,000, halafu akamlipa mdai wa ule mkopo taslimu 100,000.

Leja ya fedha taslimu ndiyo yenye kazi: iliingia 760,000, ikatoka 360,000, salio 400,000.

Urari, debiti: taslimu 400,000, manunuzi 350,000, pango 60,000. Krediti: mtaji 500,000, mauzo 260,000, mdai 50,000. Kila upande 810,000.

Kilichogoma: baadhi ya wanafunzi waliingiza pango kwenye manunuzi, na bado wakapata 810,000, wakadhani wamepatia. Urari haunasi kosa la namna hiyo. Sasa nasahihisha salio la kila akaunti, si jumla tu. Aliyependekeza niongeze bidhaa zilizorudishwa, hilo nimeliweka kiporo kwanza.