UZI: Nimeandika "discreet" sahihi kabisa, fundi wa stika akajifanya kunisahihisha akaweka "discrete". Stika 600 zimeharibika!

Shanga za Ngamiani (mwanzisha uzi):

Siku tatu najizuia nisiandike nikasema hasira zitaisha, haziishi. Mie nauza nguo za ndani, nguo za kulalia na udi hapa Tanga mjini, mteja anaagiza mtandaoni bodaboda anampelekea. Wanachonipendea ni kimoja tu, mzigo unafika kwenye mfuko mweusi, nje hakuna picha wala jina la bidhaa, hata mama mkwe akiupokea mlangoni hajui ndani kuna nini. Wateja wangu wengine ni wageni wanaokaa Raskazone, Kiswahili hawasomi, ndo nikataka stika ndogo iandikwe "discreet packaging". Nikamtumia fundi meseji, herufi moja moja, d-i-s-c-r-e-e-t.

Stika zimekuja 600, elfu tisini yangu imeenda, zote zimeandikwa "discrete packaging". Namuuliza ananijibu "dada ulikosea speling nikakurekebishia, e mbili hazikai vile, na kompyuta haikupiga mstari mwekundu". HAIKUPIGA KWA SABABU NALO NI NENO! Neno zima la Kiingereza lina maana yake, ila sio yangu mimi. Discreet ni jambo kufanywa kwa sitara, kwa uangalifu, bila kumwanika mtu. Discrete ni vitu vilivyotengana, kila kimoja kivyake. Yanatamkwa sawasawa, kwa sikio huwezi kuyajua, na kompyuta haijui ulikusudia lipi.

Na asije mtu kuniambia nakuza mambo. Kabla sijagundua nilishabandika kama ishirini hivi. Mteja mmoja kaagiza gauni la kulalia la kumpa wifi yake anayeolewa, na sidiria zake mwenyewe. Kaona kwenye ukurasa wangu picha ya stika, kaelewa kila kitu kitafungwa kivyake, maana ndivyo ilivyoandikwa! Mfuko umefika mmoja, akajua hili ni gauni na zake zinakuja nyuma, akamkabidhi wifi afungue mbele ya watu. Sidiria zikamwagika mkekani. Kanipigia analia, nimerudisha hela yake yote, na yeye hana kosa, kasoma sawa kabisa, mwenye kosa ni stika.

Fundi hataki kurudisha hata shilingi. Nifanyeje?

Kijana wa Chuda:

Pole dada lakini fundi yuko sahihi mbona. Kwenye mkataba wangu wa kazi kuna "discretion", ina e moja tu pale kati, na discretion ndo mambo ya siri na busara. Sasa ukitoa ile mwisho wake unabaki na discrete. Kwa hiyo discrete ndo ya siri.

Shanga za Ngamiani:

Kaka usinipandishe presha. Fungua kamusi yoyote.

Mwalimu Mstaafu:

Kijana, umeshika nusu na hiyo nusu ni ya kweli, discretion kweli ni ndugu wa discreet. Tatizo ni kwamba Kiingereza hapo hakifuati mantiki, likigeuka jina e mbili zinabaki moja. Jina la discrete ni lingine, discreteness. Kwa hiyo discretion usiitumie kupimia speling, itakupoteza kila siku, imewapoteza wengi waliosoma kuliko wewe. Pima kwa indiscreet, yaani mtu asiyejua la kusema na la kunyamazia, pale e mbili unaziona wazi.

Halafu mwanangu mwenye uzi, usimwone fundi mjinga sana. Maneno haya yamezaliwa tumbo moja. Yote yametoka kwenye neno la Kilatini discretus, maana yake kilichotengwa, kilichopambanuliwa. Sisi wenyewe tunasema mtu anayejua kupambanua mambo ndiye mwenye busara, basi na wao ni hivyo hivyo, kutenga kukazaa busara. Waingereza wenyewe walikuwa wanaandika vyovyote, mpaka karibu na mwisho wa karne ya 16 ndo kila speling ikaanza kushika maana yake.

Namna ya kukumbuka niliyokuwa nawapa wanafunzi ni hii. Andika discrete, tazama ile T imesimama wapi. Katikati ya e mbili. Imezitenga. T ya kuTenga. Sasa andika discreet, e mbili zimekaa ndani zimegusana mabega zinanong'onezana, na T imekaa mlangoni inawalinda, haruhusiwi mtu kusikia.

Kijana wa Chuda:

Duh. Ya mlangoni nimeielewa mwalimu. Ila bado discretion inanikera.

Bodaboda wa Makorora:

Kwani aliyetoa siri ni dereva? Sisi tunasingiziwa sana, mimi mzigo wa mtu sifungui hata siku moja.

Shanga za Ngamiani:

Hapana kaka, dereva hana kosa, tunaongelea maandishi.

Takwimu Pangani:

Mie lilinikuta chuoni, niliandika "discreet variable" ripoti nzima, msimamizi kazungushia kalamu nyekundu kila ukurasa. Nilikuwa nahesabu samaki kwenye ngalawa, samaki ni mmoja, wawili, watatu, hakuna samaki mmoja na robo, ndo discrete hiyo. Uzito wao ndo unaweza kuwa kilo 2.37 au chochote hapo kati. Tangu siku ile nabadilisha kichwani, naweka "separate", sentensi ikisimama basi ni discrete.

Shanga za Ngamiani:

Hiyo ya kubadilisha ni nzuri kwa samaki dada yangu, kwangu ndo inaponiumiza. Weka "separate packaging", sentensi inasimama! Kufunga kwa kutenganisha kupo, na kufunga kwa sitara kupo. Kwenye sentensi ya kwako msomaji atashtuka ajue umekosea, kwenye ya kwangu hashtuki, anaelewa kitu kingine na anasubiri vifurushi viwili.

Mama Udi:

Shosti si ungeandika tu IMEFUNGWA KWA SITARA, yakaisha? Halafu stika ulionyeshwa kabla hazijachapwa au hukuonyeshwa? Maana kama ulisema sawa, hela huidai.

Shanga za Ngamiani:

Ya Kiswahili ninayo mama, hii ilikuwa ya wageni. Alinitumia picha saa tano usiku, ndogo, neno lenyewe kama punje ya mchele, nikajibu sawa kwa sababu nilijua nimempa herufi mwenyewe, nani angefikiria amezigusa?

Mama Udi:

Hapo mmegawana kosa. Mdai nusu.

Mwalimu Mstaafu:

Mimi nasema alipe zote. Mteja akikupa neno limeandikwa, unamuuliza kwanza, hubadilishi. Ila 580 zilizobaki usizitupe, mteja akiagiza vitu vingi funga kila kimoja kwenye mfuko wake ubandike, hapo stika itakuwa inasema kweli.

Shanga za Ngamiani:

Mifuko nayo hela mwalimu, lakini kwa oda za zawadi nitafanya hivyo. Fundi nimemwambia elfu arobaini na tano au nisimwone tena, hajajibu mpaka sasa. Nimepata mwingine barabara ya 12, huyu sijamwandikia tu, nimemrekodia na sauti: e mbili zikae pamoja, T iwe ya mwisho, na ukiona nimekosea nipigie.