Kakatwa alama kwa kuandika v = x + 1: ni haki?

Dada wa Kimara: Mdogo wangu yuko kidato cha sita. Kwenye jaribio la tuisheni waliambiwa waintigreti ln(x + 1). Kaandika 1·ln(x + 1), kisha kachukua v = x + 1 badala ya v = x. Jibu ni lile lile, lakini kakatwa alama mbili na pembeni kaandikiwa "v ni x". Ni haki?

Mzee wa Chaki: Kaonewa. Ile 1 ndiyo dv, na v ni chochote ambacho ukikidiferenshieti unapata 1. Na angalia alichokwepa. Kwa v yake:

(x + 1)ln(x + 1) − ∫ (x + 1)/(x + 1) dx

Kinachobaki ndani ni 1 tupu, basi jibu ni (x + 1)ln(x + 1) − x + C. Aliyechukua x anabaki na x/(x + 1), ambayo lazima aivunje kuwa 1 − 1/(x + 1) ndipo afike pale pale. Wengi huanguka hapo, wanaisahau ile ln(x + 1) ya mwisho.

Kijana wa Mbagala: Mzee uko sawa. Hiyo 1 ni ufunguo wa kila kitu, fanksheni yoyote ikikushinda unaizidisha kwa 1 mchezo umekwisha.

Mzee wa Chaki: Taratibu, mwanangu. Ijaribu kwa e^(x²). Utabaki na ∫ 2x²e^(x²) dx, mbaya kuliko uliyoanza nayo. Kwa ln na arctan inakubali kwa sababu ukizidiferenshieti, logi na tani zinatoweka, zinabaki sehemu za kawaida kama 1/x na 1/(1 + x²).

Bi Hesabu, Temeke: Mimi alama zangu zilikatwa kwenye arcsin x, tena ni haki yao. Niliandika x·arcsin x − √(1 − x²).

Mzee wa Chaki: Hilo ni jingine, Bi Hesabu, ila lina faida. Alama ni ya kujumlisha, maana intigro ya x/√(1 − x²) yenyewe ni hasi, na hasi mbili zinageuka. Ungejikamata mwenyewe: kutoka 0 hadi 1, jibu lako linatoa π/2 + 1, kama 2.57. Arcsin haivuki 1.57 pale, na upana ni 1. Eneo litazidije? Lililo sahihi ni π/2 − 1, kama 0.57.

Nasahihisha Usiku: Nami ni mwalimu. Nikiwa na rundo la karatasi mezani nafuata mwongozo, na mwongozo unasema v = x. Mtoto angeandika mstari mmoja tu, "nachagua konstanti 1", nisingemkata.

Dada wa Kimara: Lakini aliyeandika v = x naye hakueleza kwamba kachagua konstanti 0.

Nasahihisha Usiku: Hapo umenibana. Ila bado ningetaka ule mstari.