MREJESHO: Diski iliyofungwa na BitLocker imefunguka

Niliuliza: "Madabodi ya laptopu imeungua, fundi wa hapa Mtwara amehamishia diski kwenye mashine nyingine, sasa inadai ufunguo wa tarakimu 48. Hesabu za korosho zimo humo. Nifanyeje?"

Ndugu zangu, asanteni sana. Imefunguka jana usiku.

Akaunti yangu ya Microsoft haikuwa na kitu. Ndipo nikakumbuka kwamba laptopu ilianza kuwashwa kwa akaunti ya dada yangu wa Masasi, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Akaingia `aka.ms/myrecoverykey`, akakuta funguo mbili. Wa kwanza ulikataa, nikaishiwa nguvu. Kumbe kila ufunguo una Key ID yake. Nikafungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi ili nione ID ya diski yangu, iliyosomeka kama E:

```
manage-bde -protectors -get E:
```

Herufi 8 za mwanzo za ID zikalingana na ufunguo wa pili. Dada akanisomea kwenye simu makundi manane ya tarakimu sita sita, nami nikiyarudia polepole. Lilipofika la mwisho, mafolda yote yakajitokeza.

Nimeshanakili kila kitu kwenye diski ya nje, na ufunguo nimeuandika kwenye daftari la hesabu.