Jenereta ya kukodi ya harusi Kisauni: kVA 10 au kVA 20?

BintiKisauni
Assalam aleikum wana jukwaa. Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi nyumbani Kisauni, na stima ya huku mwaijua, ikiamua kwenda haiagi. Nimeulizia kwa watu wawili. Wa kwanza ana jenereta ya kVA 10, feizi moja, 9,000 kwa usiku, mafuta juu yangu. Wa pili ana ya kVA 20, feizi tatu, 16,000 pamoja na mtu wa kuisimamia na tangi limejaa. Nichukue ipi? Baba ataka jibu leo.

SautiYaPwani
Chukua 20, usifikirie mara mbili. Mimi napiga muziki harusini, na spika zangu pekee zimeandikwa wati 4,000. Kwa jenereta ndogo bezi ikigonga taa zote zapepesa. Ukipata hata 40 chukua, umeme ukizidi hauozi.

FundiNyutro
Dada, hujasema itabeba nini. Taa ngapi, na za aina gani? Pana friza? Feni? Chai na chakula vitapashwa kwa gesi au kwa stima? Bila hayo sote twakisia.

MjaWaChangamwe
Mimi ninayo ndogo ya petroli, nilinunua kwa ajili ya duka. Yasukuma friji na tivi bila shida. Ukiitunza oili yake yakaa miaka.

BintiKisauni
Kaka, nakodi, sinunui 😅
@FundiNyutro: taa za LED 10 za wati 100 uwanjani, na zile za rangi za jukwaani. Muziki. Feni kubwa 6, maana kwa joto hili kina mama watazimia. Friza 2 za juisi na maji. Mpishi naye aja na mitungi 2 ya chai ya umeme na vipasha-chakula 2. Biriani yenyewe ni kwa kuni.

FundiNyutro
Ahaa, sasa twaweza kuongea. Taa zote pamoja na za jukwaa, weka kilowati 1.5. Muziki nao 1.5, kwa sababu zile wati 4,000 za @SautiYaPwani ni uwezo wa spika, si kinachovutwa usiku kucha. Feni 1.2. Friza zikiwa zaenda ni 0.6, ila mota ikianza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa nukta chache. Jumla haifiki 5.

Sasa jikoni. Mtungi mmoja wa chai huwa na kilowati 2.5, kwa hivyo miwili ni 5. Vipasha viwili kama 2.4. Yaani chai na vipasha vyala kuliko harusi nzima. Ukijumlisha wafika 12 na kidogo.

Jenereta ya kVA 10 hutoa kilowati 8 hivi, si 10. Kwa hivyo ukiwa na jiko la umeme haitoshi. Ukimwambia mpishi aje na gesi, inatosha na pumzi inabaki kwa mota za friza. Ile ya 20 hutoa 16, lakini ni feizi tatu: kila feizi ina ampea 28 tu. Akitokea mtu akachomeka mitungi yote na vipasha kwenye feizi moja, hiyo ni ampea 31, na breka itaanguka hata kama feizi nyingine mbili ziko tupu. Muulize mwenyewe kama aja na boksi la kugawa feizi na nani atagawa.

Na @SautiYaPwani, 40 kwa mzigo wa kilowati 5 si busara. Injini kubwa ya dizeli ikienda bila kazi haichomi mafuta vizuri, moshi mweusi na dizeli mbichi kwenye ekzosi, na mafuta waendelea kulipa.

SautiYaPwani
Sawa fundi, lakini bezi haijui hesabu zako. Ikigonga kwa pamoja huvuta zaidi ya 1.5. Nimeona kwa macho taa zikififia.

FundiNyutro
Hapo sikupingi, ikigonga huruka. Ndiyo sababu sitaki kuijaza ile ya 10 mpaka ukingoni.

MamaWaLikoni
Niwaeleze yaliyotupata sisi, maana watu wabishana ukubwa tu. Ilikuwa arubaini ya marehemu mjomba, Likoni. Tulikodi ya feizi tatu, kijana wa jenereta akaunga waya magharibi akaenda kula. Baada ya isha taa za upande wa wanaume zikang'aa kama mchana, za wanawake zikafifia. Watu wakacheka, wakasema stima imewapendelea. Dakika mbili amplifaya ikatoa moshi, friza ya jirani ikanyamaza, na tivi tuliyoazima nayo ikaenda. Fundi aliyekuja kesho yake alisema waya wa nyutro ulilegea kwenye boksi, volti zikawa zapanda upande mmoja na kushuka mwingine.

Mwenye jenereta akasema yake ni nzima, hajui vifaa vyetu. Hatukuwa na karatasi, maneno ya simu tu. Tukaomba alete nyingine usiku ule, iko ng'ambo ya kivuko na foleni yenyewe ndefu. Dua tulimaliza kwa taa za simu. Friza ya jirani tulilipa wenyewe, kwa mafungu.

FundiNyutro
Pole sana, bi. Alama ni ile ile uliyoiona: taa za upande mmoja zaongezeka mwanga na za upande mwingine zapungua kwa wakati mmoja. Hapo usichunguze, zima breka kuu kwanza. Na kabla ya kuunga chochote, mtu apime volti kwenye kila soketi, iwe karibu na 240. Hili la nyutro kwa ya feizi moja halikupati namna hiyo, ndiyo maana naipendelea 10 kwa @BintiKisauni, mradi jikoni kuwe na gesi.

KobeMpole
Na masharti mwandikiane kwenye Watsapu, si lazima wakili. Saa ya kuanza na kuisha, akipitisha ni kiasi gani kwa saa. Waya ni wake au wako, na ni mita ngapi. Ikizima kwa hitilafu yake, aleta nyingine ndani ya muda gani, na asipoleta warudishiwa nini. Vifaa vikiungua nani alipa. Hilo la mwisho wengi wakataa, lakini ukiliuliza mapema wamjua mtu. Dizeli nayo, chukueni picha ya geji ikija na ikiondoka.

MpishiWaBondeni
Mwasema gesi kama kitu kidogo. Mtungi wa umeme naujaza, nauwasha, naenda kwenye nyama. Chai ya gesi yataka mtu wa kuilinda, na mtu huyo alipwa. Tena kina mama hawataki chai inayonuka moshi.

MjaWaChangamwe
Gesi haina moshi, bwana. Moshi ni wa kuni, na biriani bila moshi kidogo si biriani.

MpishiWaBondeni
Biriani inukayo moshi imeungua, mwenzangu.

BintiKisauni
Jamani 😂 Nimempigia wa kVA 10. Akubali kuleta nyingine ndani ya saa moja, iko Bamburi. Vifaa kuungua amekataa katakata. Wa 20 asema atalipa "kukithibitika", sijui athibitishe nani. Mpishi wetu ataka 2,000 zaidi akija na gesi. Baba asema 9,000 na 2,000 na dizeli ni karibu 16,000, sasa tofauti iko wapi?

KobeMpole
Tofauti hapo ni dizeli. Harusi yaisha saa ngapi?

SautiYaPwani
Harusi ya Kisauni kuisha? 😂 Chukua 20.

FundiNyutro
Kwa mzigo wa kilowati 5, ya kVA 10 itakunywa kama lita 2 kwa saa. Pigeni hesabu kwa bei ya pampu ya wiki hii. Na mkichukua ya 20, huyo msimamizi asiondoke kwenda kula.

MamaWaLikoni
Mpelekeeni sahani hapo hapo alipo.