Niliambiwa "nimekutoa kwenye simu," kumbe barua za wateja zote zimo!

Wakala_wa_Likoni:
Jamani, nina hasira hapa nilipo. Jumatatu jioni nimeshuka tuktuk Likoni, kutia mkono mfukoni, simu hakuna. Simu yenyewe haina pini. Najua, msinianze. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, na wateja hunitumia nakala za pasipoti na ankara kwa barua pepe ya ofisi, Gmail.

Nikaazima simu, nikampigia fundi wetu wa kompyuta ofisini. Dakika kumi baadaye: "Nishabonyeza Sign out, hakuna kitu tena mle, lala." Nikalala.

Leo Ijumaa dereva wa tuktuk ameileta, Mungu ambariki. Kadi yangu ya kazi ilikuwa nyuma ya kava. Anasema mwanawe ameichezea gemu siku mbili, bando hamna. Kabla sijaiunganisha na intaneti nikafungua Gmail. Barua ziko pale, mpaka ya Jumatatu saa kumi na moja. Nikagusa ya mteja mmoja, pasipoti niliyoifungua wiki iliyopita ikafunguka, sura na nambari. Fundi nimemwonyesha ananiambia "haiwezekani". Haiwezekani nini, na macho yanaona?

Bandari_Boy:
Pole kaka. Ungebadilisha pasiwadi tu, kila kitu kingefutika. Mimi hufanya hivyo.

Mama_Kisauni:
Mimi ilipoibiwa yangu nilikimbilia laini kwanza, maana pesa zote zimo kwenye laini. Wakaifunga siku hiyo hiyo. Wewe ulifunga laini?

Wakala_wa_Likoni:
Laini nilifunga dada, pesa ziko salama. Naulizia barua.

Mzee_wa_Seva:
Bandari_Boy, pasiwadi hulinda mlango wa seva. Barua zilizokwisha kuteremshwa ziko ndani ya simu, na simu haimuulizi mtu pasiwadi ili kuzisoma. Gmail ya Android, isipobadilishwa, huweka barua za siku 30 za karibuni ili zisomeke hata bila mtandao. Kiambatisho ulichokwisha kukifungua nacho huweza kubaki. Wakala, hebu gusa kile ambacho hujawahi kukifungua.

Wakala_wa_Likoni:
Nimegusa. Kinazunguka tu, hakifunguki. Nikaiunganisha na Wi-Fi: barua mpya hakuna, na simu inanidai niingie upya kwenye akaunti. Lakini zile za zamani bado nazisoma!

Mzee_wa_Seva:
Basi fundi wako alibonyeza kweli. Sign out huvunja kibali cha simu cha kuchukua barua mpya. Haimaanishi iende ikafute zilizomo. Kosa lake ni kukwambia zimepotea.

Ofisi yenu ikiwa na Gmail ya kulipia, kwenye ukurasa wa msimamizi kuna kitu kingine kabisa, kuifuta akaunti ya kazi kutoka kwenye simu. Mwenye simu yake binafsi huingia android.com/find, akaifunga skrini kwa pini mpya kwanza, na akishakata tamaa ya kuipata, anaifuta yote. Ila amri hizo zote huisubiri simu ishike mtandao. Kwa mtoto asiye na bando, simu yako isingesikia lolote.

Na mpangilio una maana. Ukiitoa akaunti kwanza ndipo ukumbuke kufuta, huenda simu isionekane tena pale, maana hutafutwa kupitia akaunti ile ile uliyoitoa. Funga, futa, Sign out iwe ya mwisho.

Bandari_Boy:
Kwa hivyo pasiwadi haina maana?

Mzee_wa_Seva:
Ina maana yake, ibadilishe. Inamzuia mtu kuingia kutoka kwingine. Lakini haifuti. Na kama ungekuwa na pini, Wakala, hata hizo za siku 30 mtoto asingezifikia.

Mama_Kisauni:
Na picha kwenye memori kadi?

Mzee_wa_Seva:
Kufuta kwa mbali huenda kusiiguse kadi, mama. Na anaweza kuichomoa tu.

Wakala_wa_Likoni:
Sasa nitajuaje kama kuna mtu alizisoma? Dereva namwamini. Mtoto sijui alimpa nani.

Mzee_wa_Seva:
Barua ambazo hukuwa umezifungua, zingali na herufi nzito?

Wakala_wa_Likoni:
Mbili hazina. Lakini sikumbuki kama nilizifungua mwenyewe.

Mzee_wa_Seva:
Hapo sina jibu, na mtu akipiga picha kioo hakuna alama. Lakini mwambie bosi wako leo. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inaipa kampuni saa 72 tangu ijue ili imwarifu Kamishna, kama data ya watu imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kuwadhuru.

Bandari_Boy:
Kwa mtoto wa gemu? Mzee, unakuza mambo.

Wakala_wa_Likoni:
Nimempigia bosi. Eti "tutaliangalia Jumatatu jioni".