"Meseji iwe fupi, lakini kila kitu kiwemo": agizo hili limetuvunjia Mkutano Mkuu, na sasa limerudi tena

Karani wa Ghala (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu, kwa kuwa jambo lenyewe limenigharimu usingizi wa wiki tatu.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa kahawa, chenye wanachama 1,140. Moja ya kazi zangu ni kuwatumia wanachama meseji kwa pamoja kupitia mtandao, na chama hulipa shilingi 20 kwa kila meseji inayokwenda kwa kila mtu. Mwezi uliopita mwenyekiti wa bodi alinipa karatasi ya taarifa ya Mkutano Mkuu na kuniagiza hivi: "Itume kwa meseji moja, iwe fupi watu wasichoke, lakini kila kitu kilichomo humu kiwemo." Karatasi hiyo ilikuwa na tarehe, saa, mahali, ajenda nane, agizo la kuja na kitabu cha mwanachama, siku ya mwisho ya kulipa madeni ya pembejeo, kwa kuwa mwenye deni hapigi kura, na maelekezo ya gari kwa wenye mashamba ya ng'ambo ya mto.

Nilimpelekea rasimu ya kwanza, yenye herufi zipatazo 300. Akaniuliza kwa nini ajenda ya sita haimo. Nikaiongeza, akasema sasa imekuwa ndefu mno. Nikaipunguza, akauliza gari la ng'ambo limekwenda wapi. Mara ya nne akanishauri niyakate maneno, yaani "mkutano" liwe "mkt" na "mwanachama" liwe "mwnchm", jambo nililolikataa kwa sababu nusu ya wanachama wetu ni wazee wanaosoma silabi kwa silabi. Mwisho alichoka, nami nikachoka, tukatuma herufi 640.

Matokeo ni haya. Tulitarajia vipande vitano vya meseji kwa kila mtu, lakini bili ikaja ya vipande kumi. Kwa wanachama 1,140 hiyo ni shilingi 228,000, na deni hilo bado naulizwa mimi. Lililo baya zaidi ni kwamba siku ya mkutano watu walifika kwa wingi bila kitabu cha mwanachama, daftari la mahudhurio halikuweza kuwatambua, akidi haikutimia na kikao kikaahirishwa. Mzee mmoja alinitolea kitochi chake mlangoni, akabonyeza kitufe cha kushuka mbele yangu, mstari mmoja baada ya mwingine, akafika ajenda ya tatu na kuniambia, "Mwanangu, mimi nilisimamia hapa. Nilishajua ni mkutano, nikafunga." Agizo la kitabu lilikuwa chini ya ajenda ya nane.

Mkutano umepangwa upya, na jana nimepewa karatasi mpya pamoja na maneno yaleyale: fupi, na kila kitu kiwemo. Naomba mwenye ujuzi anieleze, kwanza, bili iliongezekaje mara mbili, na pili, mtumishi wa chini afanye nini anapopewa agizo ambalo nusu yake inaikana nusu nyingine.

Mwanahisa

Dada karani, hilo la mwenye deni kunyimwa kura ndilo la kulalamikia. Kwetu nilizuiliwa mlangoni kwa deni la mfuko mmoja wa mbolea, ilhali kahawa yangu ilikuwa ndani ya ghala lao bila kulipwa. Masharti ya chama chenu yanaruhusu jambo hilo?

Karani wa Ghala

Ndugu Mwanahisa, pole sana. Masharti yetu yanaruhusu, na suala hilo linastahili uzi wake. Hapa naomba tubaki kwenye agizo.

Kijana wa Simu

Mimi naona mnahangaika bure. Hesabu ya kwamba meseji moja ni herufi 160 ni ya zamani. Simu za sasa, hata kitochi, huunganisha vipande na kumwonyesha msomaji meseji moja ndefu. Kwa hiyo agizo la "meseji moja yenye kila kitu" linawezekana kabisa, na mwenyekiti hakukosea.

Mtumaji wa Jumla

Kijana wa Simu, upande wa msomaji uko sahihi, lakini upande wa bili umekosea. Simu huunganisha ili kuonyesha, ila mtandao hubeba na kutoza kipande kwa kipande. Meseji ikiwa peke yake hubeba herufi 160, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Ikivuka hapo hukatwa vipande, na kila kipande hubakiwa na herufi 153 tu, kwa kuwa sehemu yake hutumika kubeba namba ya kuviunganisha. Herufi 640 kwa hesabu hiyo ni vipande vitano, kama mlivyotarajia.

Dada, naomba uifungue meseji uliyotuma uangalie neno "ng'ambo". Je, uliliandika kwenye kompyuta katika programu ya kuandikia barua, kisha ukainakili? Programu hizo huigeuza ritifaa iliyosimama wima ( ' ) kuwa ritifaa iliyopinda ( ’ ) bila kukuuliza. Hiyo ya wima imo katika orodha ya herufi za kawaida za meseji, iliyopinda haimo. Herufi moja tu isiyomo katika orodha huifanya meseji nzima ihesabiwe kwa mfumo mwingine, ambao kipande kimoja hubeba herufi 70, na zikiunganishwa ni 67. Gawanya 640 kwa 67 uone.

Karani wa Ghala

Nimefungua. Ritifaa imepinda, na ni hiyo moja tu katika meseji nzima. Tisa na nusu, yaani vipande kumi. Shilingi 114,000 za chama zimekwenda kwa alama moja ndani ya neno "ng'ambo", na ukurasa wa kutuma meseji ulikuwa umeandika namba 10 pembeni, nami sikujua maana yake! Nakushukuru sana.

Katibu Mstaafu

Nimekuwa katibu wa vikao kwa miaka mingi, na agizo la namna hii nimelipokea mara nyingi: muhtasari wa ukurasa mmoja, na kila mjumbe aonekane alisema nini. Kosa letu sisi makarani ni kulipokea kama sentensi moja na kuanza kukatakata maneno, ilhali ni madai mawili yenye sababu mbili tofauti, na mwenye kuagiza huwa hajazitenganisha. Mwulize mwenyekiti kila dai linatokana na hofu gani. Nadhani atakuambia kwamba "fupi" ni hofu ya gharama na ya watu kutosoma, na "kila kitu" ni hofu ya mwanachama kusimama mkutanoni na kudai kwamba hakuarifiwa ajenda. Hofu ya pili si lazima itibiwe na meseji. Ajenda inaweza kubandikwa nzima ghalani, na meseji ikamwelekeza mtu huko.

Kisha tazama ni dai gani lisilopindika. Herufi 160 hazipindiki, kwa kuwa ni za mtandao. "Kila kitu" linapindika, kwa kuwa ni neno la mtu, na maana yake ya busara ni kila kitu ambacho mwanachama akikikosa atafanya kosa. Pitia karatasi yako, na kwa kila jambo jiulize: asipolijua hili kabla ya kutoka nyumbani, kitaharibika nini? Asipojua ajenda ya sita, ataisikia hapo hapo. Asipojua kitabu, amekuja bure.

Jambo la mwisho nalisisitiza kwa sababu liliwahi kuniponza. Usiamue kimyakimya. Mpelekee rasimu pamoja na maandishi mafupi yanayosema nimetoa haya, nimeyaweka pale, kwa sababu hii. Ukiona moja lirudi, nitajie lipi litoke badala yake. Swali hilo la mwisho humfanya mwenye agizo achague mwenyewe.

Karani wa Ghala

Mzee wangu, nimelifanya usiku huu. Nimeondoa ajenda zote nane. Gari la ng'ambo nimelitengea meseji yake, iende kwa wanachama 86 wa upande ule tu, kwa kuwa wengine 1,054 haliwahusu. Salamu na jina la chama nimeviondoa pia, kwani jina huonekana juu kama mtumaji. Iliyobaki ni hii:

"Mkutano Mkuu Jumamosi 14/6 saa 3 asubuhi, ghala kuu. Njoo na kitabu cha mwanachama. Mwenye deni alipe kabla ya 7/6 ndipo apige kura. Ajenda: ubao wa ghala."

Nimehesabu herufi 155, kipande kimoja, shilingi 22,800 kwa wanachama wote.

Mtumaji wa Jumla

Ni nzuri, lakini atakayekuja kulipa tarehe 7 yenyewe utamfanya nini? "Kabla ya 7/6" inamfungia nje, na ninyi nadhani mnakusudia tarehe 7 iwemo. Andika "alipe hadi 7/6". Utaokoa na herufi nne.

Karani wa Ghala

Ni kweli, karatasi inasema mwisho ni tarehe 7. Nimebadilisha, zimekuwa 151.

Kijana wa Simu

Nakubali kuhusu bili. Bado nauliza, kwa nini usitume meseji mbili, ya pili ikiwa na ajenda? Ni shilingi 45,600, mwenyekiti atafurahi na ubao hautahitajika.

Katibu Mstaafu

Jaribu kuziingiza ajenda nane katika herufi 160 uone utakavyoandika "Kupokea na kujadili taarifa ya ukaguzi wa hesabu". Moja hiyo tayari imekula herufi 48.

Mwanahisa

Mimi naishi kilomita 20 kutoka ghalani kwetu, na naufikia ubao msimu wa mavuno tu. Mtu kama mimi akiambiwa ajenda iko ubaoni, ameambiwa nini? Na masharti ya chama yakisema mwanachama apewe taarifa pamoja na ajenda, je, ubao ni kupewa?

Karani wa Ghala

Swali hilo limenikwamisha, kwa kuwa masharti yetu yanasema taarifa "itolewe kwa wanachama pamoja na ajenda" bila kutaja njia. Nimeliandika kwenye barua ya kumpelekea mwenyekiti asubuhi, chini ya orodha ya niliyoyatoa, na nimependekeza nakala ya ajenda iende kwa mwakilishi wa kila kitongoji. Vitongoji ni 12, kwa hiyo ni karatasi 12. Kama bodi itaona hilo halitoshi kisheria, waniambie wao wenyewe ni sentensi ipi kati ya nne hizi itoke ili ajenda iingie.

Katibu Mstaafu

Weka nakala ya barua hiyo, yenye tarehe na saini ya aliyeipokea.

Karani wa Ghala

Nimechapa mbili. Na "ng'ambo" katika meseji ya wale 86 nimeliandika upya kwa mkono ndani ya ukurasa wa kutuma meseji. Namba ya pembeni inasoma 1.